Ukaguzi wa Fomu ya Kufungua Akaunti Binafsi: Kaunta ya Wateja Wapya, Tawi la Kariakoo

☐ Majina matatu yanafanana na ya kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. "Mohamed" si "Muhammad".

☐ Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikipishana na tarehe iliyo kwenye fomu, simamisha hapo hapo.

☐ Alama za vidole zimehakikiwa.

☐ Picha, sahihi, simu.

☐ Makazi: mtaa, kata, barua ya serikali ya mtaa.

☐ Kazi na chanzo cha fedha. "Biashara" peke yake haitoshi: anauza nini, wapi?

☐ Mwanasiasa au kiongozi wa umma, au ndugu yake? Meneja aidhinishe kwanza.

☐ Mkaguzi si aliyejaza fomu.