Ripoti ya Mradi: Kidhibiti cha Taa za Barabarani Kinachopokea Amri kwa Njia ya UART kwenye FPGA

Somo: Usanifu wa Mifumo ya Kidijitali, mwaka wa tatu, Kundi la 4

Lengo la mradi

Mradi huu ulitutaka tubuni kidhibiti cha taa za makutano ya barabara mbili, A na B, kinachoweza kuongozwa kutoka kwenye kompyuta kwa mawasiliano ya mfululizo. Kwa mkazi wa Dar es Salaam haja yake haihitaji maelezo marefu: magari yanapozidi upande mmoja, mara nyingi askari wa usalama barabarani husimama katikati ya makutano na kuyaongoza kwa mikono huku taa zikiendelea kuwaka kwa zamu zake, na dereva hulazimika kuchagua amtii nani. Tulitaka kidhibiti ambacho mwongozaji anaweza kukibadilisha muda wa kijani, au kukiamuru kisimamishe pande zote, bila kuzipinga taa zenyewe.

Tangu mwanzo tulijiwekea sharti moja lililotawala maamuzi yote yaliyofuata: amri yoyote itakayoingia kwa waya, iwe sahihi, iwe na kosa, au iwe imeharibika njiani, isiweze kamwe kuziondoa nyekundu za pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Vifaa na muundo

Tulitumia bodi ya Basys 3 yenye FPGA ya Artix-7, XC7A35T, ambayo saa yake ya MHz 100 huingia kwenye pini W5. Msimbo tuliuandika kwa Verilog na kuutayarisha kwa Vivado. Kwa kuwa taa ndogo zilizomo kwenye bodi ni za rangi moja, tuliunganisha taa sita za nje, nyekundu, njano na kijani kwa kila barabara, kupitia kiunganishi JA.

Muundo una sehemu nne: kigawanyaji cha saa kinachotoa mpigo mmoja kila sekunde, kipokezi na kitumaji cha UART, kichambuzi cha amri, na mashine ya hali inayowasha taa. Kigawanyaji kinahitaji kihesabio cha biti 27, kwa sababu biti 26 huishia 67,108,863 ilhali tunapaswa kuhesabu mipigo 100,000,000.

Mashine ina hali sita: kijani A, njano A, nyekundu kote, kijani B, njano B, na nyekundu kote kwa mara ya pili. Kijani huanza kikiwa sekunde 20, njano ni sekunde 3, na nyekundu ya pande zote ni sekunde 2 ili gari lililokwisha kuingia kwenye makutano lipate kutoka. Matokeo yanatokana na hali peke yake:

```verilog
assign light_a = (state == A_GREEN)  ? 3'b001 :
                 (state == A_YELLOW) ? 3'b010 : 3'b100;
assign light_b = (state == B_GREEN)  ? 3'b001 :
                 (state == B_YELLOW) ? 3'b010 : 3'b100;
```

Hapa ndipo sharti letu linapolindwa. Rejista `state` hubeba thamani moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo haiwezi kuwa sawa na `A_GREEN` na `B_GREEN` kwa pamoja, na thamani yoyote tusiyoitaja huwasha nyekundu. Hata hivyo, hoja hii husimama tu iwapo sakiti itakayojengwa itafuata usimbaji tuliouandika. Vivado ina uhuru wa kuibadilisha mashine ya hali iwe na biti moja kwa kila hali, na katika mpangilio huo biti mbili zikiwaka kwa hitilafu, kijani mbili zinawezekana. Kwa sababu hiyo tuliufunga usimbaji na kuamuru kwamba hali isiyotambulika irudi kwenye nyekundu kote:

```verilog
(* fsm_encoding = "sequential", fsm_safe_state = "default_state" *)
reg [2:0] state;
```

Mawasiliano

Tulichagua biti 115,200 kwa sekunde, biti 8 za data, bila biti ya usawa, na biti moja ya kufunga. Kila biti hudumu mipigo 868 ya saa, na mwendo halisi unaopatikana ni biti 115,207 kwa sekunde, tofauti ya takriban asilimia 0.006, ambayo haina athari katika herufi yenye biti 10. Waya ukiwa kimya hubaki kwenye 1. Unaposhuka kuwa 0, kipokezi husubiri mipigo 434, huhakikisha kwamba bado ni 0, kisha husoma kila baada ya mipigo 868, hivyo kila biti husomwa katikati yake, mbali na kingo. Kwa kuwa ishara hiyo haifuati saa ya bodi, huipitisha kwanza kwenye rejista mbili zinazofuatana ili isisomwe ikiwa bado haijatulia.

Amri `A25`, ikifuatwa na kitufe cha Enter, huweka kijani cha barabara A kuwa sekunde 25, na `B` hufanya hivyo kwa barabara ya pili. `D` husimamisha pande zote, na `R` hurejesha mzunguko wa kawaida. Muda ulio chini ya sekunde 5 au zaidi ya 60 hukataliwa na bodi hujibu `E`. Uliokubaliwa hurudishwa jinsi ulivyopokelewa ili mwongozaji auhakiki.

Kichambuzi hakigusi taa wala `state`. Huandika tu kwenye rejista za muda, ambazo mashine huzisoma kijani kinapoanza, na kwenye bendera ya kusimamisha. `D` inapofika wakati wa kijani, mashine hupita kwenye njano kama kawaida, ndipo ikae kwenye nyekundu kote. Kwa hiyo pande zote husimama ndani ya sekunde 4. Tungeweza kuziwasha nyekundu papo hapo, lakini dereva aliyekaribia mstari asingepata onyo, na tuliona kwamba sekunde hizo ni halali yake.

Uigaji na majaribio

Kuiga sekunde moja halisi ni kuiga mipigo milioni 100, jambo linalochukua muda mrefu mno. Tuliifupisha sekunde iwe mipigo 100,000. Hatukushuka zaidi, kwa kuwa amri ya herufi nne huchukua mipigo 34,720, na sekunde fupi kuliko hiyo ingefanya hali zibadilike amri ikiwa bado njiani, jambo ambalo ni nadra kwenye bodi. Faili la majaribio lililinda sharti letu muda wote:

```verilog
always @(negedge clk)
  if (!light_a[2] && !light_b[2]) begin
    $display("KOSA t=%0t", $time);
    $stop;
  end
```

Tulituma amri sahihi, tarakimu zilizo nje ya mipaka, herufi zisizo na maana, na herufi zilizokatwa kabla ya biti ya kufunga, katika kila moja ya hali sita. Ujumbe wa `KOSA` haukutokea. Kwenye bodi, kwa kutumia PuTTY, taa zilifuata amri hizo hizo vivyo hivyo. Sakiti nzima imetumia chini ya asilimia 1 ya LUT 20,800 zilizomo kwenye FPGA.

Mipaka ya kazi hii

Kidhibiti hakina vitambuzi vya magari wala zamu ya waenda kwa miguu. Herufi ikiharibika na kubaki ndani ya mipaka, kwa mfano `A25` ikisomeka `A35`, itakubaliwa, na kinga iliyopo ni jibu linalorudi kwa mwongozaji. Aidha, ulinzi wetu wote umo ndani ya FPGA moja. Vidhibiti vya barabarani huwekewa kifaa cha pili kinachotazama taa zenyewe na kuzifanya zote zimwekemweke kikiona mgongano, na kifaa hicho ndicho tunachopendekeza kiongezwe kabla ya kitu kingine chochote.

Kuendesha mfumo

Bodi ikizimwa, FPGA hupoteza usanidi wake. Kwa onyesho la darasani tumeuhifadhi kwenye kumbukumbu ya flashi ya bodi, na kiunganishi JP1 kiwekwe kwenye QSPI. Bodi ikiwashwa, taa huanza na nyekundu kote kwa sekunde 2, kisha barabara A hupewa kijani.