Ombi la makadirio: kufunga TV ya inchi 55 na ya inchi 32 ukutani

Habari za kazi, fundi.

Naomba makadirio ya kufunga TV mbili. Vipimo vyote viko hapa chini, maana kuta hizi mbili hazifanani hata kidogo.

Sebuleni ni TV ya inchi 55: upana sm 123, kimo sm 71, uzito kilo 16 bila miguu. Matundu ya nyuma ni VESA 300 x 300, skrubu za M6. Breketi ya kuinamisha tayari ninayo. Skrubu zilizokuja nayo ni ndefu kuliko kina cha matundu ya TV, kwa hiyo njoo na M6 za urefu tofauti pamoja na bushi za plastiki. Skrubu ikigota ndani inaweza kupasua paneli. Katikati ya kioo iwe sm 108 kutoka sakafuni.

Ukuta huo ni wa matofali ya saruji yenye matundu, unene sm 15, na lipu ya sm 2 juu yake. Bolti za chuma za kutanuka sizitaki hapo. Kuta za tofali hilo ni nyembamba, bolti ikitanuka inalipasua na kubaki inazunguka. Nipe bei ya nanga za kemikali zenye soksi ya wavu, nne, na ueleze zinahitaji saa ngapi kukauka kabla ya kubeba mzigo. Kama una plagi ndefu za nailoni zinazofaa tofali la matundu, zitaje pia, nitalinganisha. Toboa bila kugongesha drili. Swichi ya taa iko sm 40 kulia kwa ukingo wa TV na waya wake unapanda wima hadi dari, basi upande huo usitobolewe.

Chumbani ni TV ya inchi 32, kilo 5, VESA 200 x 200, kwa breketi ya mkono unaovutika sm 40. Huko ukuta ni jipsamu ya mm 12 juu ya nguzo za bati, kila baada ya sm 60. Kilo 5 si nyingi, lakini mkono ukivutwa wote mzigo unageuka kuwa wa kung'oa, na bodi peke yake haiwezi. Nimezitafuta nguzo kwa sumaku: ziko sm 45 na sm 105 kutoka kona ya kushoto, na TV inatakiwa iwe sm 75, katikati kabisa. Kwa hiyo naona bodi ikatwe, pleiwudi ya mm 18 iwekwe ndani na kufungwa kwenye nguzo zote mbili, kisha pazibwe. Ukiwa na njia nyingine, niambie kabla ya kuandika bei.

Kebo za sebuleni: HDMI mbili za mita 3 zinazobeba 4K kwa Hz 60, moja kutoka kwenye king'amuzi, nyingine kutoka kwenye spika ndefu kwenda tundu la TV lililoandikwa ARC. Cat6 mita 12 kutoka kwenye ruta iliyo koridoni, ipite kwenye tranki juu ya ubao wa chini wa ukuta. Kebo ya dishi imeshafika kwenye kabati, isiguswe. Soketi mpya ya TV itoke kwenye ile iliyopo sm 30 kutoka sakafuni, kwa waya wa mm² 2.5 wenye erthi, na ikae kushoto kwa bamba la breketi, si nyuma yake, plagi isije ikazuia TV kulala ukutani.

Kutoka kabatini hadi nyuma ya TV nataka bei mbili. Ya kwanza ni kutindua wima na kufukia bomba la mm 32. La mm 20 halifai, kichwa cha HDMI hakipiti, na kona ziwe za mviringo, zisiwe za elbo. Umeme uwe na bomba lake peke yake. Lakini kutindua kunaweza kufungua matundu ya tofali, ndiyo maana naomba bei ya pili, ya tranki ya nje ya kupakwa rangi. Nielekeze kwenye ile unayoiamini.

Chumbani hakuna kebo zaidi ya umeme; soketi ipo tayari.

Katika makadirio tenganisha ufundi na vifaa, useme kama kuziba lipu na kupaka rangi kumo, na ni siku ngapi. Nimekutumia picha nne: kuta zote mbili, nyuma ya kila TV. Niko nyumbani Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi ukitaka kuja kupima mwenyewe kwanza. Umeme wa sebuleni una breka yake, tutauzima.

Ahsante, fundi.