3.9 Ratiba ya Utafiti (Toleo Lililorekebishwa)

Utafiti huu, unaohusu msamiati wa uvuvi katika lahaja ya Kimtang'ata kama unavyotumika katika vijiji vya Kipumbwi na Ushongo wilayani Pangani, utafanyika kuanzia Agosti 2026 hadi Juni 2028. Katika toleo la kwanza la pendekezo hili kazi yote ilipangwa kumalizika ndani ya miezi 9, na jopo lilihoji, kwa haki, ni vipi data zingekusanywa kwa mwezi mmoja na kunukuliwa kwa wiki mbili. Muda wa hatua zilizoelezwa hapa umekadiriwa kwa kuzingatia mambo matatu ambayo mtafiti hana uwezo wa kuyabadili: kalenda ya shule ya sekondari anakofundisha, mwenendo wa maji na mwezi unaotawala kazi za wavuvi, na kasi halisi ya kunukuu sauti iliyorekodiwa ufukweni.

Miezi ya Agosti hadi Novemba 2026 imetengwa kwa ajili ya marekebisho ya pendekezo, kibali cha maadili na vibali vya kuingia uwandani. Barua ya Chuo itapitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Tanga, kisha kwa Katibu Tawala wa Wilaya ya Pangani, kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na hatimaye kwa watendaji wa kata na vijiji. Hakuna ofisi kati ya hizo inayochelewesha jambo kwa makusudi, lakini kila moja ina masjala yake na taratibu zake, na mtafiti hawezi kuahidi muda kwa niaba yao. Katika kipindi hichohicho atakamilisha mapitio ya maandiko na kuandaa orodha ya awali ya vidahizo kutoka katika kamusi za Kiswahili Sanifu, kazi ambayo haihitaji kibali.

Ukusanyaji wa data utafanyika kwa awamu mbili, si moja. Sababu ya kwanza ni ya kiutumishi, kwa kuwa mtafiti anaweza kukaa kijijini kwa wiki nne mfululizo wakati wa likizo tu. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya kitaaluma. Sehemu kubwa ya msamiati unaotafutwa hufungamana na majira: majina ya pepo, hali za bahari, mitego inayotegwa na inayowekwa kando. Mtafiti anayemhoji mvuvi wakati wa kaskazi kuhusu bahari ya kusi atapata maelezo ya kukumbuka, ilhali lengo la pili la utafiti huu linahitaji maneno yanayosemwa kazini. Kwa hiyo awamu ya kwanza itakuwa ya kaskazi, kuanzia 10 Desemba 2026 hadi 6 Januari 2027, na ya pili itakuwa ya kusi, kuanzia 7 Juni hadi 3 Julai 2027.

Ndani ya kila awamu, siku za usaili zimepangwa kwa kufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa, ambao huvua kwa taa, hutoka baharini nyakati za giza na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Wanawake wanaotafuta pweza na kombe, kwa upande wao, huwa na kazi nyingi wakati wa bamvua, maji yanapopwa sana na miamba kubaki wazi, na hupata nafasi wakati wa maji mafu. Mwezi utakuwa mpevu takribani 24 Desemba 2026, hivyo siku zinazozunguka tarehe hiyo zitatumika kuwasaili wavuvi wa dagaa asubuhi na kuwashuhudia wanawake miambani maji yanapopwa. Usaili wa wanawake utafanyika katika maji mafu, takribani 17 hadi 20 Desemba na 31 Desemba hadi 3 Januari. Utaratibu huo utarudiwa mwezi Juni, ambapo mwezi mpevu unatarajiwa takribani tarehe 19. Kwa mpangilio huu usaili 12 katika kila awamu unawezekana. Idadi ya 40 iliyotajwa katika toleo la kwanza isingewezekana bila kuwatoa watu kwenye riziki zao.

Unukuzi ndio hatua iliyopunjwa zaidi hapo awali. Usaili 24 wenye wastani wa dakika 50 utatoa saa 20 za sauti. Katika jaribio la awali, saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwenye diko ilihitaji saa 7 za kunukuu kwa programu ya ELAN, kwa sababu ya kelele za mashine na upepo, wazungumzaji kukatizana, na ulazima wa kusikiliza upya kila neno lisilopatikana katika kamusi. Kwa kasi hiyo kila awamu inadai saa 70. Katika wiki ya kawaida ya kufundisha mtafiti anaweza kutenga saa 10. Kwa Ramadhani, inayotarajiwa kuanza takribani 8 Februari 2027, ametenga saa 6 kwa wiki. Kwa hesabu hiyo unukuzi wa awamu ya kwanza utaanza 11 Januari na kumalizika katikati ya Machi 2027, na wa awamu ya pili utaanza 12 Julai na kumalizika mwisho wa Agosti 2027. Rekodi za ushuhudiaji hazitanukuliwa zote. Zitafanyiwa muhtasari, na vipande vyenye istilahi pekee ndivyo vitakavyonukuliwa neno kwa neno.

Kati ya katikati ya Machi na mwisho wa Mei 2027, wakati wa masika, data za kaskazi zitasimbwa na kuchambuliwa, na sura mbili za mwanzo zitaandikwa. Kazi hii haikuwekwa hapo ili kujaza pengo. Orodha ya maneno yenye utata itakayotokana nayo ndiyo itakayoongoza maswali ya awamu ya pili, na washiriki wa awamu ya kwanza watakaopatikana wataombwa kuzithibitisha au kuzisahihisha maana zilizoandikwa.

Uchambuzi wa data zote utafanyika Septemba na Oktoba 2027. Sura zilizobaki zitaandikwa kuanzia Novemba 2027 hadi katikati ya Januari 2028, likizo ya Desemba ikiwa ndiyo muda mkuu wa kuandika. Kila sura itapelekwa kwa msimamizi inapokamilika, naye ametengewa wiki tatu za kuisoma; mtafiti ataendelea na sura inayofuata bila kusubiri maoni. Tasnifu itawasilishwa kwa ajili ya kutahiniwa mwishoni mwa Februari 2028. Miezi mitatu imeachwa kwa watahini na mwezi mmoja kwa masahihisho, hivyo nakala ya mwisho itakabidhiwa mwishoni mwa Juni 2028, miezi mitatu kabla ya usajili wa mtafiti kukoma.

Iwapo vibali havitakuwa vimekamilika kufikia 4 Desemba 2026, awamu ya kaskazi haitafanywa kwa haraka katika siku zitakazosalia za likizo. Awamu ya kusi ndiyo itakayotangulia mwezi Juni 2027, ya kaskazi itafuata Desemba 2027, na uwasilishaji utasogea hadi Juni 2028, jambo litakalomlazimu mtafiti kuomba nyongeza ya muda wa usajili. Iwapo awamu moja itavurugwa na hali mbaya ya bahari, Ushongo itaondolewa katika awamu hiyo na Kipumbwi itabaki, kwa kuwa ndiko makundi yote mawili ya wavuvi yanakopatikana kwa pamoja.