Hotuba kwa Wasichana wa Sekondari, Wete

Assalaam alaykum wadogo zangu. Mwalimu Mkuu, walimu, na mama zetu wa kamati ya skuli, ahsanteni kwa kunialika.

Mimi ni mkunga, mtoto wa hapa hapa Wete. Mnaonicheka wodini kwa kutembea mbio mbio, leo nimesimama, nitazameni vizuri.

Nianze na miili, maana ndiyo inayotutia haya. Wengi wenu mmeshavunja ungo, na somo zenu wamekufundisheni kujitunza na kujisitiri. Nawashukuru, lakini kuna mambo hayakusemwa. Miaka ya mwanzo hedhi huja inavyotaka: mwezi huu siku 24, mwezi ujao 40. Huo si ugonjwa. Kitambaa au pedi ibadilishwe kila baada ya saa nne mpaka sita, na kitambaa kikifuliwa kianikwe juani, si kufichwa chini ya godoro kikaota ukungu. Maumivu yakikulaza kitandani kila mwezi ukakosa skuli, njoo kituo cha afya. Usiambiwe "ndiyo uanamke huo" ukanyamaza.

La pili: msichana anaweza kushika mimba mara ya kwanza kabisa. Anaweza hata kabla hajaona damu ya kwanza, kwa sababu yai hutangulia. Anayekwambia "mara moja haina neno" ama hajui, ama anajua na anakudanganya. Na mwili wa miaka 14 hauko tayari kuzaa. Nyonga haijamaliza kukua, mtoto anakwama, uchungu unapita siku nzima. Nimewashika mikono wasichana wa umri wenu leba, wakimwita mama. Yule bwana sijamwona hata siku moja kwenye benchi la nje.

Sasa tumseme yeye. Huyo mnayemwita fataki haji na pembe kichwani. Anakuja na vocha, chipsi, lifti ya bodaboda mvua ikinyesha. Msimu wa karafuu mfuko wake umejaa, anakuwa mkarimu kupita kiasi. Mara nyengine ni mtu wa nyumbani, au anayekufundisha, na huyo ndiye mgumu zaidi kumkataa, maana tumelelewa kumheshimu mkubwa. Heshima yake ni shikamoo. Imeishia hapo. Alichokupa bila kuombwa hakimpi haki juu ya mwili wako, hata kingekuwa simu mpya.

Hebu tujaribu. Anasimamisha gari: "Mrembo, panda nikupeleke." Jibu kwa sauti, watu wasikie: "Shikamoo baba, sipandi." Hilo "baba" lisemeni vizuri! Hawalipendi hata kidogo. Haya, wote pamoja... Nyuma huko sisikii. Tena! Hivyo ndivyo. Kisha usibaki kueleza sababu, kwa sababu kila sababu ataitafutia dawa. Ondoka, mwambie mtu siku hiyo hiyo.

Akikutisha kuwa atakufelisha au atakuchafulia jina, ujumbe wake usiufute. Na likishatokea la kutokea, Mungu apishe mbali, usioge, nguo usifue, uje hospitali haraka. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna namba 116, bure. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo huyo mkubwa ndiye wa kuulizwa, si wewe na mtandio wako.

Mama zangu wa kamati, hapa nitakusemeni kidogo. Kesi zetu nyingi zinafia kwenye muhali. "Ni mjomba wake, tuyamalize ndani." Yanamalizwa vipi, na mtoto anamwamkia kila asubuhi?

Na mambo ya kesho je? Rais Samia, Mzanzibari mwenzetu, alianza kazi kama karani baada ya sekondari, akaendelea kusoma akiwa kazini. Mimi ukunga huu hakunipa mtu. Nilipanda boti kwenda Unguja na begi la kuazima, nikasoma ukunga nikitapika bahari nzima. Wewe unaweza kutaka kuwa nahodha wa boti hiyo hiyo. Taka waziwazi, uwaambie walimu, uulize masomo yanayohitajika sasa, kabla ya kuchagua michepuo. Mtu akikwambia atakuoa na kukusomesha, mwambie asubiri cheti kwanza.

Nimesema sana. Sasa nagawa vikaratasi, andikeni maswali bila majina. Walimu wanaume wameniahidi kwamba watatoka. Mwalimu wa hesabu, bado nakuona.