Kata Simu, Kisha Mpigie Wewe

Karibuni. Chai ipo pale pembeni, msione haya. Leo tuna jambo moja tu: mtu amepiga simu, anasema amesahau paswadi. Utajuaje kuwa ni yeye?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, kampuni nyingine, nilipokea simu ya bwana mmoja. Nyuma yake nasikia honi na injini za malori. "Dada yangu, niko getini Kilindini, lori limezuiwa, nifungulie akaunti." Nikamwuliza namba ya kitambulisho, akaitaja bila kusita. Tarehe ya kuzaliwa, akaitaja. Nikambadilishia. Saa nane mchana akapiga mwenye akaunti, mpole kabisa, kuuliza mbona paswadi yake inakataa.

Yule wa kwanza namba aliitoa wapi? Hebu niambieni, asubuhi hii mmeandika nini katika kitabu cha askari pale chini? Jina, kitambulisho, simu. Majengo mangapi ya Moi Avenyu yanataka hivyo hivyo? Siri inayolala mezani kwa askari si siri tena.

Hata namba inayotokea kwenye skrini yako si ushahidi, kwani inaweza kughushiwa. Kwa hivyo hapa mwambie hivi: "Asante bosi, nakata simu, nakupigia sasa hivi kwa namba iliyo kwenye faili yako." Unakata. Unapiga wewe. Akisema namba ya faili haifanyi kazi, akakutajia nyingine, usiipige. Andika tiketi, mpe supavaiza. Kubadilisha namba na paswadi katika simu moja ni kumkabidhi mwizi ufunguo na kitasa chake. Akisema laini kaibadilisha jana, ni vivyo hivyo, maana laini nazo huibwa: mtu anajifanya mwenyewe kwa kampuni ya simu, anapewa namba yako. Huyo aje ofisini na kitambulisho mkononi.

Na jamani, msimsaidie kujibu! Nimewahi kusikia rekodi: "Sio hiyo, mzee, jaribu ile inayoanza na K." Akikosea, hata usimwambie kakosea wapi.

Paswadi ya muda haisomwi kwa sauti. Mfumo wenyewe unaituma kwa namba ya faili, na baada ya dakika 15 imekufa. Ya zamani hatuulizi kamwe.

Wengine watafoka, watakutajia mkurugenzi. Mara nyingi ni wateja halali kabisa, na jua la bandarini mnalijua, kwa hivyo usijibizane naye. Ila hatua hairukwi. Taarifa zake ziko mikononi mwetu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitauliza kama alikuwa na haraka.

Haya, wa kwanza avae hedifoni. Mimi ndiye yule wa lori getini, na leo nimeamka na hasira.