Mtungi wa kuzimia moto upo ukutani. Nani kwenye zamu ya usiku anajua kuutumia?

Kwa waajiri, mameneja rasilimali watu na wasimamizi wa majengo,

Video hii ya sekunde 75 tumeirekodi kwa idhini ya wafanyakazi wa jiko la hoteli moja hapa Arusha, kwenye zoezi la moto mdogo uliowashwa ndani ya trei, nje ya jengo. Anayeuzima ni msaidizi wa mpishi ambaye kabla ya asubuhi hiyo hakuwahi kushika mtungi. Tazameni mikono yake: anavuta pini, anaelekeza mdomo wa mpira kwenye kitako cha moto, anabana mpini, kisha anapeleka poda kushoto na kulia huku mlango wa kutokea ukiwa nyuma yake. Mtungi wa poda wa kilo 6 huisha kabla ya nusu dakika. Muda huo hautoshi kuanza kusoma maelekezo ya kwenye lebo.

Sehemu nyingi tunazofika, mitungi ipo na stika ya ukaguzi ipo. Kinachokosekana ni mazoezi ya mikono. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, mafunzo yakiwemo, na kwa maoni yetu bango la ukutani pekee halitimizi wajibu huo.

Tunaomba mkague pia aina ya mitungi mliyonayo. Maji hayafai kwa mafuta ya kupikia yanayowaka, kwani huyarusha na kuusambaza moto, wala kwa vifaa vyenye umeme. Chumba cha seva na paneli za umeme vinahitaji gesi ya kaboni dioksidi. Jiko la kukaangia linahitaji mtungi wa kemikali ya maji uliotengenezwa mahususi kwa moto wa mafuta. Mtungi wa kaboni dioksidi kwa kawaida hauna geji, hivyo hukaguliwa kwa kupimwa uzito. Mfanyakazi anayeutumia afundishwe kutoshika pembe yake, yaani mdomo mpana wa kutolea gesi, kwa mkono mtupu, maana hupata baridi kali ya kuunguza ngozi.

Jambo moja tunalisisitiza kuliko yote: mfanyakazi afundishwe pia wakati wa kuacha. Moto ukishafika darini, au moshi ukianza kuziba njia, atoke, awatoe wenzake na apige 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hakuna mali inayostahili kumbakiza mtu ndani.

Tunatoa mafunzo haya kwenye eneo lenu la kazi, kwa zamu zote ikiwemo ya usiku, na kila mshiriki anazima moto kwa mikono yake. Mwajiri hupokea orodha ya waliohitimu pamoja na taarifa ya mapungufu tuliyoyaona kwenye mitungi na njia za kutokea. Kupanga tarehe, tuandikieni ujumbe kupitia ukurasa huu mkitaja idadi ya wafanyakazi na aina ya shughuli zenu.

#UsalamaKazini #MafunzoKazini #Zimamoto #RasilimaliWatu