Yah: Malalamiko yako kuhusu alama za Hisabati za Idrisa, Darasa la Sita B

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Kinondoni,
Dar es Salaam.
16 Mei 2024

Baba Idrisa,

Salaam kwako na kwa Mama Idrisa.

Barua yako niliipokea Jumatatu asubuhi kwa mkono wa mlinzi, na ule ujumbe wa sauti uliouweka Jumamosi usiku kwenye kundi la wazazi nimeusikiliza mpaka mwisho. Nimekaa nayo siku tatu kwa sababu sikutaka kukujibu kwa maneno matupu. Nilitaka kwanza niishike karatasi ya mtoto mkononi.

Nianze na lile unalolisubiri. Alama za Idrisa katika mtihani wa Hisabati wa mwezi wa Aprili si 19 tena, ni 21 kati ya 50. Jumanne nilimwomba mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Saba aisahihishe upya karatasi hiyo, jina likiwa limefunikwa, na mwalimu wa taaluma akiwa pembeni. Alikuta makosa mawili. Katika swali la 17, lile la kutafuta eneo la shamba, Idrisa alipanga kazi vizuri akakosea kuzidisha mwishoni. Wenzake waliofanya hivyo walipewa alama 1 ya njia, yeye akapewa sifuri. Na katika kujumlisha ukurasa wa pili alama 1 nyingine ilirukwa. Kwa hiyo amehama kutoka daraja D kwenda C. Daftari la alama limerekebishwa na ripoti mpya yenye saini yangu na muhuri ameipata leo. Kwa makosa hayo mawili naomba radhi kwa niaba ya shule. Ulikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini 21 haiwezi kukuridhisha, na hata mimi haijaniridhisha. Umeandika kwamba mtoto aliyepata 34 Novemba hawezi kuanguka hivi bila “kuchinjwa”. Swali lako ni la msingi, nikalifuata.

Nilitoa rekodi zake zote tangu mwaka jana. Mtihani wa kumaliza Darasa la Tano, Novemba 2023, alipata 34. Februari alipata 27, Machi akapata 23, na Aprili hii tuliyonayo. Ni mteremko wa miezi mitatu, haukuanza Aprili. Tena hauko kwenye Hisabati peke yake. Sayansi na Teknolojia ametoka 36 akafika 28, Maarifa ya Jamii ametoka 39 hadi 30, na hayo yanafundishwa na walimu wengine wawili. Kiswahili ndiko alikobaki palepale, 40 na 39. Mahudhurio hayana tatizo: tangu Januari amekosa siku tatu tu, zote za mvua kubwa za Aprili ambapo nusu ya darasa haikufika.

Ndipo nikafungua daftari lake la mazoezi, nikaliweka sambamba na maswali ambayo mwalimu aliyaandika ubaoni. Hapa naomba usome taratibu.

Ubaoni swali lilikuwa 8,406 − 3,758. Idrisa ameandika 8,406 − 3,158, akatoa, akapata 5,248. Kwa hesabu aliyoiandika yeye, jibu hilo ni sahihi kabisa. Swali jingine ubaoni lilikuwa 3/8 + 1/4. Yeye ameandika 3/6 + 1/4, akatafuta asili ya 12, akapata 9/12, akarahisisha hadi 3/4. Kazi safi, hata mistari ya sehemu kapiga kwa rula. Ila si swali lililoulizwa. Katika karatasi ya Aprili yenye maswali 25, matano yako hivyo: saba imekuwa moja, nane imekuwa sita, tatu imekuwa nane. Maswali hayo matano ni alama 10. Mengine matatu ameyaacha wazi, akaandika namba ya swali tu.

Mtihani wa Novemba ulichapwa, kila mtoto akawa na karatasi yake mezani. Mitihani yetu ya mwezi tunaiandika ubaoni, kwa sababu fedha ya kudurufu karatasi za shule nzima kila mwezi hatuna. Na Januari, walipoingia Darasa la Sita, Idrisa alipangwa dawati la nyuma kabisa upande wa dirisha kwa sababu ni mrefu. Darasa hilo lina wanafunzi 118. Kutoka pale hadi ubaoni nimepiga hatua mwenyewe, ni kumi na mbili.

Nikamwita jana saa nne, baada ya uji. Nikampa maswali kumi yaliyochapwa, ya kiwango kilekile, akayafanya mezani kwangu. Amepata manane. Kisha nikamsimamisha mlangoni nikamwomba anisomee kichwa cha kalenda iliyoko ukutani nyuma ya kiti changu. Alikunja uso, akasogea hatua mbili mbele, akasema, “Mwalimu, ile ya juu naiona, za chini zimeungana.” Nilipomuuliza kwa nini hajasema siku zote hizo, aliinamisha kichwa. Mwishowe akasema huwa anachungulia kwa mwenzake, na mwenzake akifunika daftari basi anakisia. Kiswahili kwa kiasi kikubwa mwalimu husoma kwa sauti, imla na ufahamu, na huko mtoto hajateleza.

Mimi si daktari, Baba Idrisa, na sisemi mtoto ana ugonjwa fulani. Ninachosema ni kwamba apimwe macho, na mapema. Hospitali ya Mwananyamala wana kliniki ya macho na kwenu si mbali. Nimekuandikia barua ya utambulisho, imeambatanishwa na hii. Wakati huohuo, kuanzia leo anakaa dawati la mbele, na mwalimu wa darasa ameagizwa kwamba kwenye mtihani wa kufunga muhula awekewe maswali kwenye karatasi hata kama wengine wanaandika kutoka ubaoni.

Utaniuliza: mbona mwalimu hakuliona hilo miezi yote? Nimemuuliza swali hilohilo. Amejibu kwamba kwa madaftari 118 husahihisha jibu kwa kuangalia mwongozo, harudi kulinganisha swali alilonakili mtoto. Naielewa hali hiyo, nimefundisha Hisabati mwenyewe. Lakini kuielewa hakuniondolei wajibu. Tulipaswa kuiona, na mtu wa kwanza kuulizwa ni mimi.

Kuhusu zile alama 10, sitazitoa, na afadhali nikwambie waziwazi. Mtihani ulikuwa na maswali yake, na nikimpa Idrisa alama kwa maswali aliyoyabadilisha bila kujua itabidi nifanye hivyo kwa kila mtoto aliyenakili vibaya, na kuna ambao hawakuwa makini tu. Alama zinabaki 21. Ila katika sehemu ya maoni ya ripoti nimeandika kilichobainika, ili mwalimu atakayempokea Darasa la Saba asimhesabu kuwa ni mtoto asiyejua.

Sasa lile la tuisheni. Umeandika kwamba mwanao ameonewa kwa sababu hukutoa buku la kila Jumamosi. Ni tuhuma nzito, sikuipuuza. Mwalimu amekiri kwamba hufundisha nyumbani kwake siku za Jumamosi kwa shilingi 1,000 kwa mtoto, na baadhi ni wa Sita B. Nikalinganisha majina hayo na matokeo. Wanafunzi waliopata D au chini yake Aprili ni 31, na kumi na mmoja kati yao ni wa hiyo tuisheni. Aliyeongoza darasa, mwenye 47, hajawahi kuikanyaga. Kwa ushahidi nilionao, sioni kwamba alama zilitolewa kwa kuangalia nani kalipa. Yale makosa mawili ya kusahihisha nimeyakagua pia kwa watoto wengine ishirini niliowachagua bila mpangilio, na nimekuta kama hayo kwa watatu. Mmoja wao ni wa tuisheni. Ni uchovu wa kusahihisha, si kisasi.

Hata hivyo, mwalimu kuwatoza watoto anaowasahihishia yeye mwenyewe ni jambo linalozaa maneno kama haya, na wewe si wa kwanza kuyawaza, ni wa kwanza kuyaandika. Nimemwagiza aache kuwapokea wanafunzi wa darasa lake, na amepewa barua ajieleze kwa maandishi. Suala hilo litafika kwenye Kamati ya Shule. Hatua zitakazofuata ni za kiutumishi, sitazitangaza kwenye barua.

Kuna na yale maneno, “mwambie baba yako akufundishe.” Idrisa anasema aliambiwa hivyo mbele ya darasa. Mwalimu anasema alisema, “mwambie baba akusaidie hesabu nyumbani.” Sikuwepo, na sitamwita mmoja wao mwongo. Nimemweleza mwalimu kwamba hata hayo ya kwake, yakisemwa mbele ya watoto 118 wanaocheka, yanauma. Ameomba akutane nawe mwenyewe ayazungumze, ukiridhia.

Umesema utakwenda kwa Afisa Elimu. Mlango huo uko wazi: unaanza kwa Afisa Elimu Kata, usiporidhika unakwenda Manispaa. Barua hii na viambatanisho vyake unaweza kwenda navyo. Hakuna atakayemgusa Idrisa kwa sababu ya malalamiko yako. Likitokea lolote unaloliona kama kulipiza, niletee mimi moja kwa moja.

Ninaloliomba ni moja. Ule ujumbe wa Jumamosi umemtaja mwalimu kwa jina na umeweka picha ya karatasi ya Idrisa mbele ya wazazi zaidi ya mia mbili. Watoto wanazo simu za mama zao. Jumatatu wakati wa mapumziko walikuwa wanamwita “Kumi na Tisa”. Tafadhali uifute ile picha. Mimi nami nitaandika kwenye kundi hilo kwamba malalamiko yalipokelewa, yamechunguzwa, na alama zimerekebishwa pale palipokuwa na kosa, bila kutaja jina la mtoto.

Karibu ofisini Jumatatu tarehe 20, saa 1:30 asubuhi, kabla hujaenda dukani. Kama muda huo ni mgumu, nitakusubiri hadi saa 11 jioni. Karatasi ya mtihani, daftari na yale maswali kumi ya jana vitakuwa mezani, uvione kwa macho yako. Njoo na madaftari yake ya Darasa la Tano kama bado yapo, nataka nione kama alikuwa anabadilisha namba tangu wakati ule.

Wako katika kazi,

Mwalimu Mkuu

Viambatanisho: nakala ya karatasi ya mtihani iliyosahihishwa upya, ripoti iliyorekebishwa, barua ya kwenda kliniki ya macho.

Nakala: Mwalimu wa taaluma, Mwalimu wa darasa, Sita B.